Afadhali Aliyefuta Kuliko Aliyehariri

Kuna ushauri unazungushwa kwenye magrupu siku hizi, umeandikwa kwa herufi kubwa kama tangazo la msiba: umekosea meseji ya WhatsApp? Ihariri ndani ya dakika 15, hakuna atakayejua ulichoandika mwanzo. Kinachoudhi ni kwamba wanaousambaza kwa furaha ni walewale tunaowakabidhi michango ya harusi na ada za vikoba.

Kwanza tuondoe dhana moja. Ukibonyeza Delete for everyone, hakuna mtu wa Meta anayeingia kwenye simu ya mwenzako kuchomoa meseji yako. Simu yako inatuma meseji ya pili, iliyofungwa kwa siri kama ile ya kwanza, yenye amri kwamba ile ya awali iondolewe. WhatsApp ya mwenzako ikipokea amri inatii, na mahali pale panabaki maandishi ya kijivu kwamba meseji imefutwa. Kuhariri ni hivyohivyo, ila amri inasema badilisha maneno. Kwa hiyo wanaouliza kama seva ina toleo la zamani wanapiga hodi mlango usio wao. Seva ikishafikisha meseji haibaki nayo, na isipoifikisha huishikilia kwa siku zisizozidi 30. Toleo la zamani, kama lipo, lipo kwenye simu za waliolipokea.

Sasa chukua grupu la kamati ya harusi. Saa mbili kamili usiku mhazini anaandika: "Kutoka upande wa bwana harusi nimepokea 450,000." Saa mbili na dakika tisa anaishikilia ile meseji kwa kidole, anagusa vitone vitatu, anachagua Edit, na 450,000 inageuka 400,000. Nani anaona nini?

Aliyekuwa amefungua grupu muda ule ameziona zote mbili, lakini simu yake haina cha kumsaidia kuthibitisha. Ile ya kwanza imefunikwa, na kilichobaki ni neno dogo Edited pembeni ya saa. Ukiligusa halikuonyeshi ilivyokuwa mwanzo. Ambaye bando lilikuwa limekata, akawasha data saa tatu, meseji na amri ya kuibadilisha zinamfikia kwa mpigo. Huyo anakuta 400,000 tu. Atalala akiamini hivyo, na kesho kwenye kikao atamwita mwongo yule aliyeona 450,000.

Aliyekuwa na simu mfukoni, data imewashwa, ndiye mwenye bahati, kama tu alijiandaa. Android kuanzia toleo la 11 ina daftari la notifikesheni: ingia Settings, Notifications, Notification history (kwenye Samsung limejificha ndani ya Advanced settings), kisha liwashe. Litakuonyesha maandishi ya notifikesheni kama yalivyoingia, 450,000 ikiwa mojawapo. Ila lina masharti yake. Linahifadhi kwa saa 24 tu, halionyeshi yaliyopita kabla hujaliwasha, meseji ndefu hukatwa, na kama ulikuwa umefungua chati ile muda huo hakuna notifikesheni ya kuandikwa. Ukisubiri hadi kikao cha Jumapili utakuta limeshajifuta. Wenye iPhone hawana kitu kama hicho.

Halafu wapo wa GB WhatsApp, ambao hawakosekani kwenye grupu lolote. Programu hizo za kuunga-unga zimetengenezwa zipuuze amri ya kufuta: inapokuja, meseji inabaki pale pale na alama pembeni. Siipigii debe. Hujui nani mwingine anasoma chati zako humo, na WhatsApp yenyewe hufungia namba zinazoitumia. Nasema tu kwamba anayefuta akidhani amemaliza, hajamaliza.

Na bakapu? Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mawili. WhatsApp ya Android hutengeneza nakala ndani ya simu kila siku saa nane usiku, na hutunza za hadi siku saba kwenye folda ya Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases. Meseji iliyotumwa saa mbili usiku na kufutwa kesho yake asubuhi imo kwenye nakala ya usiku ule. Mwenye simu akiihamishia nakala hiyo pembeni, akaondoa programu, akaisakinisha upya na kuirejesha, meseji inarudi, kwa sababu ile amri ya kufuta ilishafika na seva haiitumi tena. Gharama yake ni kwamba meseji zote zilizoingia tangu saa nane usiku zinapotea, nazo pia hazitumwi tena.

Kwa kufuta, mlango huo unaweza kuwa wazi, maana tangu 2022 mtumaji ana zaidi kidogo ya siku mbili za kufuta, na akichelewa hadi saa nane usiku ipite, nakala imeshainasa meseji yake. Kwa kuhariri ni dakika 15 tu. Bakapu haitakuwa na 450,000 yako hata siku moja, labda mhazini aandike saa nane kasoro dakika tano na kuhariri saa nane na dakika tano. Mhazini wa namna hiyo ana matatizo makubwa kuliko hesabu.

Ndiyo maana nasema afadhali aliyefuta. Aliyefuta ameacha kaburi, kila mtu analiona na kila mtu anauliza. Aliyehariri ameacha sentensi safi, ina saa ileile ya mwanzo, na neno moja dogo ambalo laweza kumaanisha alisahau koma au amekula elfu hamsini. Na msiniambie kwamba teknolojia hairuhusu kuonyesha zaidi. Signal inaruhusu kuhariri kwa saa 24, lakini mpokeaji akigusa alama ya kuhaririwa anaona matoleo yote ya nyuma. iMessage nayo inaonyesha. Hakuna seva inayohitajika kwa hilo, maana kila simu iliyopokea meseji ya kwanza tayari ilikuwa nayo mkononi. WhatsApp ilipoleta kuhariri mwaka 2023 iliamua tu kutoonyesha.

Nakubali, shingo upande, kwamba kuna kosa la herufi linaloweza kugeuza salamu kuwa tusi, na hilo lirekebishwe haraka. Hata hivyo hiyo si sababu ya kuficha toleo la kwanza.

Picha nazo zina yake: ukimfutia mwenye iPhone, inaweza kutoweka kwenye chati na kubaki kwenye Photos. Kufuta kukishindikana, WhatsApp haikupi taarifa. Na iliyokwisha kufowadiwa ni nakala inayojitegemea, huigusi.

Kwa magrupu ya pesa, basi, dawa ni kidole chako mwenyewe. Mhazini akitaja kiasi, usijibu kwa dole gumba. Andika "Nimeona 450,000, saa mbili usiku." Meseji hiyo ni yako, hakuna mwingine anayeweza kuihariri. Ukiijibu kwa kuinukuu yake ni bora zaidi, kwa sababu nukuu husafiri ndani ya jibu lako, na akifuta ya kwake maneno yanabaki kwako. Mhazini naye akikosea kweli, asiguse Edit: atume meseji mpya, "Sahihisho: ni 400,000, si 450,000," na aeleze hiyo 50,000 imekwenda wapi.