Maji Yatakatika, Ila Saa Ngapi?

Jamani, tangazo la kukatika maji husomwa na mtu aliyesimama, ndoo mkononi. Sasa huyu unamwanzia na "Mteja wetu mpendwa, tunayo furaha kukutaarifu"? Unaninyima maji halafu unafurahi?

Hili lililobandikwa getini kwetu lina aya nne. Mbili za mwanzo zinasifia valvu kuu mpya. Muda umejificha kwenye ya tatu: "2:00 – 12:00." Basi! Mzee wa chumba cha pili kasema ni saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Mwanawe kaangalia simu, kasema hapana, ni saa nane mchana mpaka saa sita usiku. Baba na mwana wamenuniana, kisa nukta mbili na kistari. Wangeandika "Jumanne tarehe 14, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni", wino ungeisha?

Na hiyo saa 12 yenyewe ni ya nani? Ya fundi kukusanya spana zake, au ya maji kufika kwangu? Fundi akifungua valvu, bomba tupu linajaa kwanza na kutoa hewa. Wa bondeni wanaoga, sisi wa mlimani na wale wa mwisho wa laini tunasikiliza koki ikikohoa. Yakija, yanakuja ya kahawia, kwa sababu msukumo umezoa kutu na tope lililolala ndani ya bomba. Hapo unayaacha yatiririke mpaka yatakate, na shati jeupe unaliweka mbali. Hayo ndiyo ya kuniambia, si kipenyo cha valvu!

Maeneo sasa: "Kanda 4B, laini ya inchi 8, na maeneo ya jirani." Mimi najua nakaa nyuma ya shule. Inchi ninazokalia sijawahi kupima. Na maeneo ya jirani yanaishia wapi, ikiwa kila jirani ana jirani yake?

Nimechukua kalamu, nikaandika langu pembeni, kwa herufi kubwa:

HAKUNA MAJI JUMANNE TAREHE 14
Saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni
Mlimani yanaweza kuchelewa hadi saa 3 usiku
Wapi: nyumba zote kuanzia shuleni hadi msikitini, upande wa juu wa barabara. Upande wa chini hauguswi.
Ukiwa na swali, piga:

Hapo nikakwama. Namba iliyoko kwenye tangazo ni ya ofisini, na ofisi inafungwa saa 10 jioni. Koki ikikohoa saa 2 usiku nimpigie mlinzi? Iwekwe ya fundi wa zamu!

Nikaona bora nipige mapema, niulize hiyo 2:00 ni ipi. Dada akapokea, sauti laini kabisa: "Kaka, maelezo yote yapo kwenye tangazo."