Mfuko wa Wavu Hautoshi kwa Nguo ya Shanga

Siku chache kabla ya Idi, mdogo wangu aliitia abaya yake nyeusi ndani ya mfuko wa wavu, akafunga zipu, kisha akauweka mfuko huo katika mashine ya kufulia pamoja na mashuka mawili. Aliamini kwamba amechukua tahadhari yote iliyohitajika. Abaya ilipotoka, mstari wa shanga uliozunguka mkono wa kulia ulikuwa umefumuka kwa urefu wa shubiri moja, na shanga zenyewe zilikuwa zimelala kwenye kona ya mfuko, ilhali mfuko ulikuwa mzima kabisa.

Mfuko ule ulifanya kazi yake, lakini kazi yake si ile tuliyoidhania. Huizuia nguo isinaswe na zipu au vishikizo vya nguo nyingine, na hukusanya kinachodondoka kisipotee. Ndani ya mfuko, hata hivyo, nguo huendelea kupinduliwa na kusuguana yenyewe kwa yenyewe, na ukingo wa tundu la ushanga wa kioo unaweza kuwa mkali kiasi cha kuukereza uzi hadi ukakatika. Ndiyo maana nashikilia kwamba nguo yenye shanga nyingi ifuliwe kwa mkono, hata kama mashine ina mzunguko wa nguo laini.

Sababu ya uzi mmoja kuharibu shubiri nzima iko upande wa ndani wa nguo. Ukiigeuza abaya na kuona chini ya shanga mstari wa vitanzi vinavyoshikana kimoja na kingine, ujue kwamba mapambo yameshonwa kwa mshono wa mnyororo, ambao huwa wa haraka kwa fundi lakini hufumuka kwa mfululizo mwisho wake ukilegea. Kwa hiyo mimi hupitisha kidole kwenye kila mstari kabla nguo haijagusa maji. Nikikuta ncha iliyolegea, huchukua sindano yenye uzi wa rangi ileile, nikaupitisha ndani ya kitanzi cha mwisho na kukifunga fundo upande wa ndani. Ni kazi ya dakika chache, nami naiona kuwa muhimu kuliko sabuni yoyote utakayochagua.

Hatua inayofuata ni kujaribu rangi. Lowesha kitambaa cheupe, ukigandamize juu ya shanga, puleki na nyuzi za nakshi kwa muda mfupi. Kikitoka na rangi, usiifue nguo nzima, bali futa kwapa na pindo tu, ambako jasho na vumbi hukaa zaidi. Kikitoka safi, igeuze nguo ndani nje na uitumbukize katika beseni la lita 10 za maji baridi yaliyokorogwa na kijiko kimoja cha sabuni ya maji isiyo kali. Maji ya moto hayafai, kwa kuwa hulegeza gundi ya mawe ya kubandikwa na huweza kuzikunja puleki za plastiki. Igandamize nguo taratibu kwa viganja kwa muda wa dakika tano hivi bila kuifikicha, kisha isuuze mpaka povu liishe.

Uharibifu mwingi niliouona hutokea wakati wa kuitoa nguo majini. Kitambaa kilicholowa huongezeka uzito, na shanga nazo huvuta chini, hivyo ukikamata mabega peke yake, kitambaa chepesi huweza kuchanika pale mapambo yanapoanzia. Ibebe yote kwa mikono miwili kutoka chini. Usiikamue, itandaze juu ya taulo, uikunje pamoja nalo, uligandamize, kisha uianike kivulini ikiwa imelazwa, kwani ikitundikwa kwenye kamba mikono hurefuka. Pasi ya moto mdogo ipitishwe upande wa ndani, mapambo yakiwa yamelala juu ya taulo nene, na sehemu yenye puleki iachwe kabisa.

Nakshi ya nyuzi pekee, kama ile ya kifuani mwa dera la pamba, naikubalia mfuko, mradi rangi yake imeshajaribiwa. Nguo iwe moja ndani ya mfuko usiopwaya, imegeuzwa ndani nje, na mashine iwekwe kwenye maji baridi na mzunguko mdogo wa kukausha. Asiye na mfuko atumie foronya iliyofungwa mdomo kwa utepe.

Abaya ya mdogo wangu tuliishona upya usiku ule. Shanga zilizookotwa mfukoni zilipungua nne, tukazitoa nyingine nne kwenye pindo la nyuma, karibu na mshono wa ubavuni, tukafunga vizuri ncha zote mbili tulizozigusa.