Gama ya dakika za mwisho: mnunuzi na muuzaji wa opsheni, nani yuko hatarini zaidi?

Tangu mwaka 2022, soko la Cboe la Chicago lilipoongeza opsheni za fahirisi ya S&P 500 zinazoisha Jumanne na Alhamisi, kila siku ya kazi ina opsheni zake zinazokufa soko la New York linapofungwa. Opsheni ni haki ya kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa, yaani bei ya mkataba, na haki hiyo ina siku yake ya kuisha. Kwa anayefanya biashara hiyo kwa simu akiwa Nairobi au Dar es Salaam, hiyo ni saa tano usiku, au saa sita wakati wa majira ya baridi ya Marekani. Mabishano ni yale yale. Upande mmoja unasema heri kununua, kwa sababu ukikosea unapoteza ulicholipa tu. Upande wa pili unasema heri kuuza, kwa sababu muda unayeyusha thamani na muuzaji anavuna akiwa ametulia. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake, na zote mbili zinaamuliwa na gama.

Delta inaonyesha bei ya opsheni inasogea kiasi gani fahirisi ikisogea pointi moja. Gama inaonyesha delta yenyewe inabadilika kiasi gani kwa pointi hiyo hiyo. Kengele ya kufunga soko ikilia, opsheni ya kununua haina hali ya katikati: fahirisi ikiwa juu ya bei ya mkataba, delta ni 1; ikiwa chini, ni 0. Mwezi mmoja kabla, safari ya kutoka 0 hadi 1 imetandazwa kwenye mamia ya pointi. Robo saa kabla, safari hiyo hiyo imebanwa ndani ya pointi 40 hivi. Delta inalazimika kukimbia.

Tuchukue fahirisi iko 5,000, bei ya mkataba ni 5,000, na soko linatarajia mtikisiko wa asilimia 1 kwa siku, yaani pointi 50. Opsheni ya kununua iliyobakiza mwezi ina thamani ya pointi 92 hivi. Fahirisi ikipanda pointi 10, ambazo ni asilimia 0.2 tu, opsheni inafika 97. Hakuna wa kushtuka hapo.

Ikibaki saa moja, opsheni hiyo ina thamani ya pointi 7.8. Pointi 10 juu zinaipeleka 13.8, pointi 10 chini zinaishusha hadi 3.8. Ikibaki robo saa, ina thamani ya 3.9. Pointi 10 juu inakuwa 10.8, pointi 10 chini inabaki 0.8. Mwendo ni ule ule, lakini sasa unakaribia kuizidisha mara tatu au kuimaliza kabisa. Kila mkataba ni dola 100 kwa pointi, kwa hiyo tunazungumzia dola 390 zinazogeuka 1,080 au 80 ndani ya dakika chache.

Mnunuzi akiona hesabu hii anafurahi, na hakosei kuhusu ukubwa wa mruko. Anachosahau ni kodi anayolipa kwa kila dakika. Fahirisi ikikaa palepale 5,000 katika saa ya mwisho, opsheni ya 7.8 inapoteza pointi 1 robo saa ya kwanza, 1.2 ya pili, 1.6 ya tatu, na 3.9 zote zilizobaki robo ya mwisho. Nusu nzima ya thamani inaondoka dakika 15 za mwisho. Gama kubwa na kuyeyuka kwa thamani ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili: mnunuzi anapata faida pale tu soko linaposogea zaidi ya lilivyotarajiwa wakati bei inapangwa. Likisogea kama lilivyotarajiwa, anatoka sare, kisha anatoa gharama za udalali na tofauti ya bei ya kununua na kuuza. Kwenye opsheni ya pointi 3.9, tofauti hiyo haipuuziki.

Basi muuzaji ndiye mwenye akili? Tumtazame kwa karibu. Ameuza mikataba 100 ikibaki robo saa, akapokea dola 39,000. Delta ni nusu, kwa hiyo kila pointi ikipanda anapoteza dola 5,000 kwenye opsheni. Anajikinga kwa kununua fyucha, mikataba inayopanda na kushuka pamoja na fahirisi, zinazomwingizia dola 5,000 kwa pointi. Fahirisi inapanda hadi 5,010, delta inakuwa 0.85. Kinga yake haitoshi tena, anaongeza fyucha za dola 3,500 kwa pointi. Halafu fahirisi inarudi 5,000, naye anaziuza alizoongeza. Amenunua juu, ameuza chini, amepoteza dola 35,000. Mzunguko mmoja wa pointi 10 umekula karibu kila alichopokea. Angeuza opsheni hizo saa moja kabla, angepokea 78,000 na mzunguko huo huo ungemgharimu kama 19,500.

Anaweza kuamua asiguse kinga. Lakini hapo ameacha kuvuna muda. Amebaki anacheza kamari ya fahirisi itafungia upande gani.

Kwa maoni yangu, hapa mizani inaelemea. Kimahesabu ya wastani, hakuna upande uliopewa zawadi. Ila mnunuzi hasara yake inajulikana tangu mwanzo, wakati muuzaji anapoteza nafasi ya kujirekebisha hasa pale anapoihitaji. Aliyeuza, bei ikawa imekaribia mkataba na robo saa imebaki, akilipa pointi 3.9 kufunga anaona kama anatupa pesa. Anachonunua kwa pesa hiyo ni kuondoka kwenye mahali ambapo hawezi tena kujikinga kwa gharama nafuu.

Hata hivyo hofu isisambazwe kila mahali. Ukali huu uko kwenye ukanda mwembamba. Fahirisi ikiwa pointi 30 mbali na bei ya mkataba na robo saa imebaki, gama ya opsheni hiyo ni ndogo kuliko ya ile ya mwezi mzima. Opsheni imekwisha kufa, au imekuwa kama fahirisi yenyewe. Kwa hiyo jambo la kutazama ni umbali kutoka bei ya mkataba ukilinganisha na mwendo ambao muda uliobaki unaruhusu. Hatari inayobaki ni habari ya ghafla inayoirudisha bei ndani ya ukanda.

Swali kubwa zaidi ni kama kujikinga huku kunatikisa soko zima. Februari 2023, Marko Kolanovic, wakati huo mtaalamu wa masoko wa benki ya JPMorgan, alionya kwamba opsheni za siku moja zinaweza kukuza anguko. Cboe ikajibu kwamba maagizo ya kununua na kuuza yanakaribia kulingana, hivyo wanaotengeneza soko, yaani makampuni yanayokuwa tayari kununua na kuuza wakati wote, wanabaki na gama ndogo ya jumla. Cboe inapata ada kwa kila mkataba, kwa hiyo ina maslahi, lakini hoja yake ina mantiki. Mtengeneza soko aliyenunua gama hujikinga kwa kuuza bei ikipanda na kununua ikishuka, jambo linalotuliza soko. Aliyeuza gama hufanya kinyume na kuongeza kasi. Kila kitu kinategemea jumla yao imeelemea wapi siku hiyo, na ulinganifu wa siku za kawaida hauthibitishi kwamba utakuwepo siku ambayo wote wanakimbilia upande mmoja.

Angalau opsheni za fahirisi hulipwa kwa fedha taslimu, na kengele ikilia hesabu imefungwa. Kwenye opsheni za hisa za Marekani mambo huendelea: soko hufungwa saa kumi jioni ya New York, lakini mwenye opsheni anaweza kubadili uamuzi wa kuitumia hadi saa kumi na moja na nusu. Hisa ikifungia palepale kwenye bei ya mkataba siku ya Ijumaa, muuzaji anaingia wikiendi bila kujua kama Jumatatu ataamka anadaiwa hisa au hadaiwi.