Tangazo la shilingi 60,000: tuwaandikie wote au wenye mitumbwi peke yao?

"Nina duka dogo la taa za sola na betri za kuvulia dagaa hapa Kirumba, Mwanza, na fedha niliyotenga kwa tangazo la Facebook ni shilingi 60,000 tu. Kijana anayenisaidia anataka tuandike kwa wateja wote. Mimi nataka tuwaandikie wenye mitumbwi peke yao. Nani yuko sahihi?"

Kijana wako ana hoja, na si vizuri kuipuuza kwa sababu tu fedha ni yako. Nafasi ya tangazo katika Facebook hupatikana kwa mnada, na mnada huo hautazami kiasi unacholipa peke yake. Unatazama pia uwezekano wa mtu kubonyeza, na kama watu wanaliona tangazo lenyewe kuwa la maana. Tangazo linalomgusa kila mtu hupata wa kubonyeza haraka, na mara nyingi ujumbe mmoja wa WhatsApp huja kwa gharama ndogo. Ukikibana kikundi cha walengwa mno, utawalipia watu walewale waone tangazo lilelile mara nyingi hadi walichoke. Tena duka lako liko mjini, ambako wapo wanaotafuta sola ya nyumbani au ya kibanda cha chipsi, nao fedha yao ni halali kama ya mvuvi.

Udhaifu wa hoja hiyo unaonekana mtu anapoyasoma maneno yenyewe. Tangazo la kijana, kama lilivyo kawaida ya matangazo ya aina hii, litakuwa hivi: "Karibuni wateja wote! Tunazo taa za sola na betri imara kwa bei nafuu. Wahi sasa!" Ondoa neno "sola" uweke "magodoro", na tangazo halitapungukiwa na chochote. Mwenye mtumbwi akilipitisha kwa kidole hana sababu ya kujua kwamba duka hili linafahamu tofauti kati ya taa ya sebuleni na taa inayoelea majini usiku kucha ikisubiri dagaa wakusanyike.

Wengi hudhani kazi ya kuchagua walengwa hufanywa na mipangilio ya tangazo. Mipangilio hiyo inaweza kukusaidia kuweka alama kwenye ramani pale Mwaloni, Igombe au Kayenze, na kuchora duara la kilomita chache. Lakini ndani ya duara hilo wamo mama lishe, wanafunzi, madereva wa bodaboda na wachuuzi wa samaki, na sidhani kama kuna kitufe cha kumtenga mwenye mitumbwi ya dagaa. Kinachoweza kumtenga ni sentensi ya kwanza ya tangazo. Ndiyo maana katika duka kama lako nayahesabu maneno kuwa ndiyo kichujio, na ramani kuwa msaidizi tu.

Ningeandika hivi: "Mwenye mtumbwi wa dagaa: taa zako zinazimika kabla ya alfajiri? Zilete Kirumba tupime betri bure mbele yako." Hizo ni herufi 108 pamoja na nafasi na alama zake. Idadi hiyo si ya kubahatisha, kwa kuwa kwenye simu maandishi ya juu ya picha kwa kawaida hukatwa yakifika herufi 125 hivi, na yaliyobaki husomwa na mwenye subira. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo mlango huo ni mwembamba kwetu: "tumewaletea" pekee linakula herufi 11 na halimwambii mvuvi kitu.

Nimeandika "mwenye mtumbwi" na si "mvuvi" kwa sababu anayelala ziwani mara nyingi si anayenunua taa. Mnunuzi ni yule ambaye makambini wanamwita tajiri, na huenda anaishi mjini huku mitumbwi yake ikiwa kisiwani. Nilishawishika kutumia neno "tajiri" lenyewe, kwa kuwa ndilo la mwaloni, lakini lina hatari mbili. Msomaji wa mjini ataliona kama utani, na kanuni za matangazo za Facebook zinakataza maneno yanayodokeza hali ya kifedha ya msomaji, kwa hiyo tangazo linaweza kukwama kwenye ukaguzi kabla halijaonekana na mtu yeyote.

Ahadi nayo iwe ile unayoweza kuithibitisha. Ukitaka kuandika kwamba taa mpya inawaka tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, iwashe dukani usiku mmoja na uandike saa iliyozimika. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina wati-saa 84, hivyo kwa hesabu ya karatasi taa ya wati 10 itawaka saa nane na kidogo, na betri za asidi huharibika mapema zikimalizwa kabisa kila usiku. Saa kumi za giza hazitafika. Mvuvi aliyedanganywa na tangazo hurudi na taa mkononi mbele ya wateja wengine.

Sasa fedha. Tuseme tangazo la wote limeleta ujumbe 60 kwa shilingi 1,000 kila mmoja, na watu 3 wakanunua. La wenye mitumbwi limeleta ujumbe 15 kwa shilingi 4,000 kila mmoja, na watu 5 wakanunua. Kwa gharama ya ujumbe, kijana ameshinda kwa mbali. Kwa gharama ya mauzo, yeye ametumia shilingi 20,000 kwa kila mnunuzi nawe umetumia 12,000, bila kuhesabu jioni ulizozimaliza ukijibu "bei gani?" Hata hivyo mfano wangu usikupe uhakika usio wako, kwa maana 3 na 5 ni namba ndogo mno na zinaweza kugeuzwa na bahati. Facebook yenyewe hueleza kwamba mfumo wake huhitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki ili utulie. Shilingi 60,000 ukiigawa mara mbili kwa jaribio, pande zote zitaishia gizani. Chagua tangazo moja, kisha usome maswali yanayokuja: wakiuliza kuhusu televisheni na pasi, sentensi ya kwanza haijachuja, wakiuliza taa inahimili maji kiasi gani, imechuja.

Hapo ningekuunga mkono wewe, kwa sharti moja ambalo ninyi nyote wawili hamkuligusa, nalo ni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali mitumbwi mingi hupumzika, nyavu zikashonwa na hesabu zikafanywa. Kuigawa fedha yako shilingi 2,000 kwa siku 30 ni kuwasemesha watu walio ziwani au waliolala mchana. Ningeweka 10,000 kwa siku kwa siku sita, kuanzia mbalamwezi inapoanza kupungua, wakati tajiri anapanga kurudisha mitumbwi majini. Kuna ubishi wa haki hapa, kwamba taa hufa katikati ya giza na si kwenye mbalamwezi, na aliyefiwa na taa ndiye mwenye haraka. Ni kweli, lakini huyo yuko kambini ambako mtandao ni wa kubahatisha, na atamwagiza mtu kwa simu kwenye duka analolijua tayari.