Sabato ya mhadhiri: utafiti wake, wanafunzi wa nani?

Barua nyingi za kuomba likizo ya sabato, ile anayopewa mhadhiri aache kufundisha kwa muda ili afanye utafiti, huanza vizuri na kuharibika mwishoni. Mwombaji anaeleza utafiti wake kwa kurasa tatu, kisha anafunga: "Masomo yangu yatafundishwa na wenzangu, na wanafunzi nitaendelea kuwasimamia mtandaoni." Sentensi hiyo ndiyo huzua ubishi kwenye kamati.

Tumchukue mhadhiri mwandamizi wa fasihi ya Kiswahili, mfano tu, aliyefundisha miaka 6 mfululizo. Anaomba miezi 12 ili aandae upya mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Mmisionari Taylor aliyakusanya mwishoni mwa karne ya 19 kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na karatasi za Taylor zipo katika chuo cha SOAS, London. Mhadhiri wetu anapanga miezi 3 ya kusoma miswada, 2 ya kukaa na wazee wa Mombasa wanaoijua lahaja ya Kimvita, na 7 ya kuandika.

Wapo wanaouliza kwa nini asiifanye kazi hiyo wakati wa likizo za kawaida. Jibu limo ndani ya miswada yenyewe. Imeandikwa kwa hati za Kiarabu, na Kiarabu hakina herufi ya p, kwa hiyo waandishi wengi wa zamani waliandika b mahali pake, na sauti ya m kabla ya b mara nyingi waliiacha. Neno moja linaweza kusomeka pata, bata au mbata, na ni maana ya shairi zima itakayokusaidia kuchagua. Ukiliacha shairi hilo kwa wiki tatu ukasahihishe mitihani, ukirudi unaanza upya. Hoja hii ni nzito kuliko kusema "ninahitaji muda", na mwombaji anapaswa kuiandika hivyo hivyo, akitaja na kitakachokuwa mkononi akirejea: matini yenye maelezo, si "machapisho mbalimbali".

Upande wa pili una watu. Mhadhiri huyu ana kozi mbili. Fasihi simulizi ina mwenzake aliyewahi kuifundisha, basi hiyo haina shida. Usomaji wa miswada ya hati za Kiarabu hakuna mwingine anayeuweza. Kumpa mtu asiyeujua ni kuwadanganya wanafunzi, heri kozi isubiri mwaka mmoja. Ila kabla ya kuisimamisha ni lazima apekue orodha: je, yupo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayeihitaji ili ahitimu? Akiwepo, kozi ifundishwe muhula unaotangulia safari.

Usimamizi ni mgumu zaidi, na ahadi ya "mtandaoni" haiwafai wote kwa namna moja. Mwanafunzi wa uzamivu aliyebakiza sura moja abaki naye, maana kumbadilishia msimamizi wakati huo ni kumfanya aandike tasnifu mara mbili. Wa uzamili ambaye hata pendekezo la utafiti hajaandika ahamishwe moja kwa moja. Aliye katikati, anayekusanya data, apewe msimamizi mwenza mwenye mamlaka ya kusaini. Hapo kwenye saini ndipo mipango mingi hukwama: maoni yanatumwa kwa barua pepe bila tatizo, lakini fomu ya maendeleo inamsubiri mtu aliye London, na muhula unapita.

Kuna wanaosema kumtaka mwombaji atafute mbadala ni kumbebesha kazi ya mwajiri. Wana haki kwa kiasi. Chuo kikikubali sabato kisitenge fedha za mhadhiri wa muda, mzigo huangukia mhadhiri msaidizi asiyethubutu kukataa. Hata hivyo mwombaji ndiye anayejua nani kafika wapi, na mkuu wa idara hawezi kuligundua hilo kwenye jedwali. Kwangu mimi, mwombaji apendekeze majina baada ya kuzungumza na wahusika, wao wasaini kwamba wamekubali, na mkuu wa idara aandike kuwa saa hizo zitahesabiwa kwenye mzigo wao wa kazi. Barua isiyo na saini hizo irudishwe, hata kama utafiti wake ni bora.

Kwa upande wake, idara isiifanye orodha ya wanafunzi kuwa kisingizio. Mhadhiri anayesimamia vizuri hupata wanafunzi wengi, na akizuiliwa kwa sababu hiyo ataadhibiwa kwa bidii yake huku mzembe akisafiri. Wakiomba wawili katika idara ya watu wanne, mmoja asubiri, lakini apewe tarehe kwa maandishi.

Na yule wa uzamili aliyehamishwa? Nimesikia wahadhiri wakiwadai wanafunzi wao wakirudi, kama mtu aliyeazimisha baiskeli. Asirudishwe, isipokuwa akiomba mwenyewe.