Hela Zipo, Ila Ziko Kwenye Mzunguko

Leo asubuhi chama chetu cha akiba na mikopo kimenitumia ujumbe kwenye simu: "Ndugu Mwanachama, tunakutakia heri ya siku yako ya kuzaliwa. Mungu akujalie maisha marefu." Nikausoma mara mbili. Hiyo sehemu ya maisha marefu inabidi waiombee kweli, maana kwa mwendo wao nitayahitaji.

Kwanza mimi si Ndugu Mwanachama. Nilishaandika barua ya kujitoa. Masharti yetu yanataka notisi ya siku 60, nikatoa, zikaisha, zikaja nyingine ambazo hazimo kwenye masharti. Kila nikipiga simu naambiwa "wiki ijayo, mzee." Wiki ijayo ya SACCOS haina Jumatatu.

Basi nikaketi, nikavaa na shati, nikaandika barua ya pili. Tena kwa heshima zote, na YAH: yake kwa herufi kubwa imepigiwa mstari: KUOMBA RATIBA YA MALIPO NA MAELEZO YA MAANDISHI. Sikulalamika. Anayelalamika huambiwa pole, na pole haipandi daladala. Nikaweka hesabu. Akiba yangu ni shilingi 2,400,000. Mkopo sidaiwi. Hisa zangu, 200,000, nimeziweka kando, kwa kuwa kwa masharti yetu hisa hairudishwi dirishani kama akiba, inahamishiwa kwa mwanachama mwingine. Hilo wanijibu peke yake, wasije wakalitumia kuchelewesha mengine.

Kuna pia suala la udhamini. Nilimdhamini mwenzetu mmoja wa stoo na bado anadaiwa. Najua sheria ya mchezo: akiba ya mdhamini inashikiliwa mpaka mkopaji amalize au alete mdhamini mwingine. Sawa. Lakini nilimdhamini kwa 600,000, sikumdhamini kwa ukoo mzima. Kwa hiyo nikaandika: kama sababu ni hiyo, shikeni 600,000, mnionyeshe kwa maandishi deni lake limebaki kiasi gani, na hiyo 1,800,000 iliyobaki haina ugomvi na mtu. Hamna zote kwa mkupuo? Nipeni 600,000 kila mwisho wa mwezi, miezi mitatu, tarehe ziandikwe. Na kama sababu ni nyingine, itajeni, pamoja na kifungu cha masharti kinachowaruhusu. Nijibiwe ndani ya siku 14. Chini nikaweka nakala kwa Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika, Mkoa. Kalamu ilisita kwenye "wako mtiifu" tu. Nikaandika jina.

Barua ikapelekwa. Hapo ndipo ilipoanza sarakasi.

"Shikamoo mzee," karani akaniamkia. Binti mpole, tatizo si yeye. Nikaitikia, nikampa barua. Akaitia kwenye faili. "Tumepokea, mzee wangu. Nenda tu."

"Nigongee muhuri kwenye nakala yangu, mwanangu."

"Nakala ya nini tena? Si umeshatuletea?"

Nikamweleza taratibu: barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni barua niliyojiandikia mwenyewe. Siku nikienda kwa Mrajis ataniuliza, uliwaandikia lini, nani alipokea? Nitamwonyesha nini, jasho? Binti akatabasamu, akasema muhuri umo kabatini, ufunguo wa kabati anao mhasibu, na mhasibu ameenda benki.

Benki! Moyo ukaruka. Nikajiambia, mhasibu aliyeenda benki hurudi na kitu. Nikakaa kwenye benchi, chini ya kalenda yao yenye picha ya bodi nzima wamevaa suti, wanacheka. Nikawa nawaangalia mmoja mmoja, najiuliza nani kavaa akiba yangu.

Mhasibu akarudi. Mkononi ana mfuko wa rambo, ndani chapati. Kabati likafunguliwa, muhuri ukatoka. Tarehe yake imegoma mwaka jana. Wino umekauka. Binti akaupulizia pumzi, akagonga: hakuna. Akapulizia tena, akagonga kwa nguvu mpaka chapati zikasogea. Karatasi ikaandika "KELEWA", na tarehe ya mwaka ambao hata sikuwa nimejitoa. Nikamwambia basi, mwanangu, andika kwa mkono: imepokelewa, tarehe ya leo, jina lako, cheo, saini. Akashika kalamu, akaiweka. Akasema kusaini mpaka amuulize meneja.

Meneja akatoka mwenyewe, mikono wazi kama mtu anayepokea wageni wa harusi. "Mzee wangu! Kwa nini tuandikiane barua kama watu wa mahakamani? Hela zako zipo. Ila ziko kwenye mzunguko."

"Zinazunguka wapi, niende nikasimame zitakapopita?"

Akacheka, akanivuta pembeni, na hapo, jamani, akanieleza vizuri kabisa. Akiba zetu zinakopeshwa kwa wanachama, wengine kwa miezi 36. Marejesho yanakuja kidogokidogo, kwa makato ya mishahara. Sasa mwajiri anayakata makato mwezini, ila anayachelewesha kuyaleta chamani. Wakati huohuo wastaafu wengi wamejitoa kwa pamoja, wote wanataka chao. Kinachoingia ni kidogo kuliko kinachodaiwa, na kila mwezi wanalipa wachache.

Nikamwambia meneja, hayo ni maelezo ya mtu mzima, nimeyaelewa. Yaandike hivyohivyo, mwajiri anadaiwa kiasi gani na mimi niko wa ngapi kwenye foleni, ugonge saini, nikalale.

Akashtuka. "Aa, mzee, hayo si mambo ya kuandika!"

Si mambo ya kuandika! Fomu yao ya mkopo ina kurasa nyingi kuliko msahafu wa watoto, inakuuliza mpaka jina la mjomba. Siku ya kujiunga niliandika, nikapiga picha ndogo mbili, nikaweka dole gumba ingawa najua kusoma. Kuchukua kwangu kote kwa maandishi. Kurudisha kwao tu ndiko kwa mdomo, pembeni, na mkono begani! Na chama chenyewe kina leseni ukutani, Daraja la Tatu, chini ya sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, Tume ya Ushirika iko Dodoma inasimamia. Yaani leseni imeandikwa, foleni haiandikiki? Nadhani sauti ilipanda, maana mhasibu aliacha kutafuna. Binti akachukua kalamu bila kumtazama meneja, akaandika jina, cheo na tarehe, akasaini. Mungu ampe mume mwema na mwajiri anayepeleka makato.

Nakala ya Mrajis niliifikisha siku hiyohiyo. Huko walikuwa na wino.

Nyumbani mke wangu alinisikiliza huku anasuka ukili. Yeye ana kikoba chao, wanawake wa mtaani. Sanduku la bati, kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu, halifunguki mpaka wote wakae. Pesa zinahesabiwa mbele ya macho ya kila mtu, zinaandikwa daftarini, na mwisho wa mwaka wanavunja, wanagawana. Hakuna leseni ukutani wala kalenda yenye suti. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, kama kikoba kinaweza kunikopesha kidogo wakati nasubiri hizo siku 14.

Akasema kinaweza, kwa yeye kunikopea. Ila kwanza niandike barua, na nilete mdhamini asiyekuwa mwanachama wa SACCOS.