Gusa tu haitoshi

Mdogo wangu anaimba. Mwezi uliopita alitoa wimbo, akatupa linki kwenye kundi la ukoo, ambalo lina watu zaidi ya mia: "Ndugu zangu, gusa tu, inatosha." Watu wakagusa kweli. Shangazi alinionyesha alivyofanya: kafungua, prodyuza katajwa jina, biti imeingia, kafunga, karudi kwenye picha za harusi. Kama sekunde 12 hivi. Kesho yake dogo akafungua takwimu zake akakuta strimu 19, akanipigia simu akiapa kwamba kaibiwa.

Hakuibiwa. Spotify huhesabu strimu pale msikilizaji anapofikisha sekunde 30. Ukitoka kwenye ya 29, hupewi nusu wala robo.

Mpaka huo mimi nauunga mkono, kwa sababu strimu haina bei maalumu. Pesa za ada na matangazo huingia chungu kimoja, kisha fungu la wenye nyimbo hugawanywa kwa kuangalia nani kapata strimu ngapi kati ya zote. Kwa hiyo kila strimu isiyostahili inammega mwingine. Fikiria abiria wa daladala anayeruka nyimbo nane akitafuta moja anayoitaka: bila mpaka huo zote nane zingelipwa, na ile aliyoisikiliza hadi mwisho ingepata sawa na alizozikataa. Tapeli naye angefurahi. Simu moja ikirudia sekunde 5 tu ingezalisha strimu 720 kwa saa. Kwa mpaka wa sekunde 30 haivuki 120.

Ua huu unarukika, lakini. Mwaka 2014 bendi ya Marekani, Vulfpeck, iliweka albamu ya ukimya mtupu, nyimbo kumi za sekunde thelathini na kitu kila moja, ikawaomba mashabiki waiache ijirudie usiku wakiwa wamelala. Ilivuna dola 20,000 hivi kabla ya kuondolewa.

Ugomvi wangu uko baada ya sekunde ya 30, maana hapo saa husimama. Taarabu ya dakika 12 na wimbo wa dakika mbili na nusu ni strimu moja moja. Saa nzima ya taarabu ni strimu tano; saa hiyohiyo ya nyimbo fupi ni 24. Msikilizaji yuleyule, ada ileile. Si ajabu nyimbo zinazidi kufupishwa.

Dogo nimemwambia awaombe watu wauache wimbo uishe, tena kwa muda mrefu, kwani tangu 2024 wimbo usiofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 hapo Spotify haulipwi mrabaha wa rekodi. Bado 981.

Shangazi kaahidi kuurudia, taarabu yake ikishaisha.